Damu ililingana, mbona inavunjika siku ya nane?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Wengi wenu mnajua kwamba kazi yangu huku ughaibuni ni ya maabara ya damu. Leo nawazungumzia hasa wenye selimundu au thalasemia, na nyinyi mnaowauguza, yaani watu ambao damu ya kuongezewa ni sehemu ya maisha yao.

Kuna jambo huwachanganya sana ndugu wa mgonjwa. Mgonjwa ni O chanya, kapewa O chanya. Maabara wamepima, wakasema damu inalingana. Chupa zimeisha salama, bila homa, bila kuwashwa, akarudi nyumbani na nguvu zake. Halafu wiki moja baadaye macho yanageuka ya njano, mkojo unakuwa wa kahawia iliyokolea, na himoglobini imerudi kule kule ilikoanzia. Watu wanaanza kulaumiana: damu ilikuwa mbovu, mtu wa maabara alilala kazini. Mara nyingi hakuna aliyelala. Nipeni dakika chache niwaeleze kilichotokea.

Tumezoea kuulizana makundi ya A, B, AB na O, na ile chanya au hasi ya Rhesus D. Lakini juu ya seli nyekundu moja kuna alama nyingine nyingi sana, ambazo kitaalamu tunaziita antijeni. Zimeshatambuliwa zaidi ya 300, na mifumo yake imepita 40. Hata Rhesus yenyewe haiishii kwenye D, kuna C ndogo na kubwa, E ndogo na kubwa. Kisha kuna Kell, Duffy, Kidd, MNS. Majina mengine ni ya ukoo wa wagonjwa ambao kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili zinazonasa antijeni ngeni, zilionekana kwao mara ya kwanza: Duffy alikuwa mgonjwa wa hemofilia aliyeongezewa damu mara nyingi, na mfumo wake ulitangazwa mwaka 1950. Kidd ukafuata mwaka 1951, kutoka kwa mama aliyejifungua mtoto ambaye seli zake zilikuwa zikivunjwa na kingamwili za mama yake.

Tofauti kubwa na ABO ni hii. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B tangu utotoni, hata kama hajawahi kuguswa na damu ya mtu mwingine. Ndiyo maana ukikosea ABO, mgonjwa anaweza kuharibikiwa ndani ya dakika chache, chupa ikiwa bado inatiririka. Kwa Kidd, Duffy au Kell, kwa kawaida kingamwili hazipo mpaka mwili ukutane na seli ngeni, ama kwa kuongezewa damu ama kwa ujauzito. Wengi wakikutana nazo hawatengenezi chochote. Lakini anayeongezewa damu kutoka kwa watu kumi, ishirini, hamsini, kila mara anafungua mlango mpya.

Sasa nataka tukae na Kidd peke yake, kwa sababu ndiyo inayotuhangaisha zaidi. Ina antijeni mbili kuu, tunaziandika Jka na Jkb. Unaweza kuwa na moja, au zote mbili. Zimekaa kwenye protini inayopitisha urea kuingia na kutoka kwenye seli, kwa hiyo si pambo, ina kazi yake. Kati ya watu 100 wenye asili ya Afrika, takriban 92 wana Jka. Maana yake ni kwamba asiye na Jka, kila chupa anayopewa bila kuchaguliwa karibu hakika itakuwa nayo.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, nimemtunga kutokana na namna mambo haya yanavyokwenda. Ni dada wa miaka 26, ana selimundu, O chanya, na hana Jka. Utotoni aliongezewa damu mara kadhaa. Baada ya mojawapo ya hizo, mwili wake ulitengeneza kingamwili dhidi ya Jka. Mara ya kwanza kazi hiyo huenda polepole, huchukua wiki kadhaa au hata miezi. Seli nyingi za yule mchangiaji pengine zilikuwa zimeshazeeka na kuondoka zenyewe, basi hakuna aliyegundua kitu. Kisha kingamwili zikaanza kupungua. Kingamwili za Kidd zina sifa hiyo mbaya: zinashuka haraka, ndani ya miezi michache zinaweza kufika chini ya kiwango ambacho vipimo vyetu vinaweza kuona. Hazionekani, ila seli za kumbukumbu zilizozitengeneza bado zipo mwilini, na zinaweza kukaa miaka mingi.

Miaka inapita. Dada huyu anahamia mji mwingine, hospitali nyingine, faili jipya. Anaugua, himoglobini imeshuka hadi 5.2. Maabara wanachukua plazma yake, wanaichanganya na seli za kupimia zenye antijeni zinazojulikana, hakuna kinachogandana, yaani hakuna kingamwili inayoonekana. Wanalinganisha na damu ya mchangiaji, safi kabisa. Anapewa chupa mbili, himoglobini inapanda hadi 7.4. Mpaka hapo kila mtu amefanya kazi yake sawasawa.

Ila chupa zote mbili zina Jka. Seli za kumbukumbu zinaamka. Safari hii hazihitaji wiki nyingi, ni siku chache tu, na kingamwili zinamwagika kwenye damu wakati seli za mchangiaji bado zimo humo zikizunguka. Zinazinasa. Baadhi ya seli zinachujwa na kuliwa na wengu na ini. Na kwa kuwa kingamwili za Kidd ni hodari wa kuziita zile protini za damu zinazotoboa seli, nyingine zinapasukia ndani ya mishipa, himoglobini inamwagika na kupita kwenye figo. Hapo ndipo mkojo unapobadilika rangi, na figo zenyewe zinaweza kuumia.

Siku ya nane dada ana homa ya 38.4, mgongo na miguu inauma vibaya, macho ya njano, himoglobini 5.0. Na hapa, ndugu zangu, ndipo panaponiuma. Mgonjwa wa selimundu mwenye homa na maumivu, kila mtu atasema ni shambulio lake la kawaida. Atapewa dawa ya maumivu, maji, antibiotiki, na kwa kuwa damu imeshuka, ataandikiwa chupa nyingine. Ikichaguliwa bila kujua tatizo, nayo ina Jka, inaenda kuvunjwa vile vile.

Swali la kuuliza pale ni moja: aliongezewa damu lini? Mmenyuko huu wa kuchelewa unaweza kujitokeza popote kati ya saa 24 na siku 28 baada ya kuongezewa, ila mara nyingi ni kati ya siku ya 5 na ya 14. Ukisema "aliongezewa damu wiki iliyopita", daktari ana sababu ya kuagiza sampuli mpya na kipimo cha Coombs cha moja kwa moja, kile kinachoangalia kama seli zilizomo mwilini zimeshikwa na kingamwili. Kwa dada yetu kinatoka chanya. Tunazing'oa kingamwili kutoka kwenye seli hizo, tunazipima, na jina linajitokeza: ni dhidi ya Jka. Plazma mpya nayo sasa inaonyesha kitu kile kile. Kisha tunaitoa kwenye friji ile sampuli ya kabla ya kuongezewa na kuirudia pembeni yake: hasi, kama mwanzo. Hiyo inathibitisha kwamba hakukuwa na uzembe, kingamwili zilikuwa chini mno kuonekana siku ile.

Sampuli hiyo isicheleweshwe. Seli za mchangiaji zikishavunjwa zote, Coombs inaweza kurudi hasi kwa sababu hakuna tena cha kushikwa, na kingamwili kwenye plazma zitaanza tena kushuka. Unakosa ushahidi kabisa.

Angalieni pia ile 5.0. Alianza na 5.2, akapanda, sasa yuko chini ya alipoanzia. Ukiona hivyo kwa mwenye selimundu, kuna hofu ya hali nzito zaidi, ambapo hata seli zake mwenyewe zinavunjwa pamoja na za mchangiaji, na uboho unashindwa kufidia. Tunaangalia seli changa za damu: zikiwa chache kuliko kawaida yake, hofu inaongezeka. Katika hali hiyo kuongeza damu kunaweza kuzidisha uvunjwaji, kwa hiyo madaktari huizuia kadiri inavyowezekana, hutumia dawa za kutuliza kinga, na huongeza damu pale tu maisha yanapokuwa hatarini.

Je, inaweza kuzuiwa? Kwa kiasi kikubwa. Kabla ya chupa ya kwanza kabisa maishani, pimeni antijeni za mgonjwa kwa upana: C, E, Kell, Kidd, Duffy, na S ya mfumo wa MNS. Akishaongezewa, damu ni mchanganyiko wa watu wawili na kipimo cha kawaida kitadanganya, inabidi kusubiri miezi mitatu hivi au kupima vinasaba. Maabara nyingi zinazohudumia wagonjwa wa selimundu huwachagulia damu inayofanana nao angalau kwa C, E na Kell. Kidd haimo kwenye orodha hiyo ya chini, kwa hiyo kwa Kidd silaha kubwa ni kumbukumbu.

Ndiyo maana nawasihi: mkiambiwa mgonjwa wenu ana kingamwili, ombeni jina lake kwa maandishi. Msikubali "damu yake ni ngumu kupata" tu. Dada wa mfano wetu atabeba kadi iliyoandikwa "O chanya, ana anti-Jka, apewe damu isiyo na Jka". Akifika hospitali yoyote, hata baada ya miaka kumi, ataionyesha kabla sampuli haijachukuliwa, na aseme pia tarehe aliyoongezewa mara ya mwisho na kama amewahi kupata ujauzito. Uchunguzi wa kingamwili siku hiyo unaweza kutoka hasi kabisa. Maabara wakisoma kadi, hawatautegemea peke yake. Watatafuta chupa za O zisizo na Jka, takriban 8 katika kila 100 kwa wachangiaji wenye asili ya Afrika, na watazilinganisha kwa kipimo kamili cha joto la 37 chenye kemikali ya Coombs, si kile cha haraka cha joto la chumba ambacho kingamwili za aina hii hupita bila kuonekana. Itachukua saa kadhaa, pengine siku nzima. Mkiambiwa msubiri kwa sababu hiyo, subirini.