Mazabodi Ipi Inaingia Kesi Ipi: ATX, microATX na Mini-ITX

(Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta na walimu wa maabara za skuli, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nitaongea juu ya jambo moja tu: unapokuwa na mazabodi mkononi na kesi mezani, utajuaje kama vitakubaliana, na utaifunga vipi usije ukaiunguza. Kwetu sisi Pemba suala hili lina uzito wake, kwa sababu kesi nyingi tunaziagiza Unguja au Dar. Ikija isiyofaa, hiyo ni nauli ya boti mara mbili.

Tuanze na vipimo, maana ni vichache na vinakaa kichwani. Mazabodi kubwa ya kawaida ni ATX, iliyotolewa na Intel mwaka 1995. Ina urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244. Baadaye ikaja microATX, ambayo ni mraba wa milimita 244 kwa 244. Yaani ni ATX ile ile iliyokatwa upande wa chini. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ikaleta Mini-ITX, mraba wa milimita 170 kwa 170. Neno "mini" linawapoteza wengi dukani. Kesi iliyoandikwa "mini tower" haimaanishi kesi ya Mini-ITX peke yake. Mara nyingi ni kesi ya microATX, na Mini-ITX nayo inaingia humo.

Kanuni ya jumla ni kwamba mazabodi ndogo inaingia kesi kubwa, na kubwa haiingii kesi ndogo. Sababu ni kuwa zote tatu zinapimwa kuanzia kona moja, kona ya juu upande wa nyuma, pale penye soketi za USB, sauti na skrini. Dirisha la soketi hizo lina milimita 158.75 kwa 44.45 kwenye kesi zote za kawaida, iwe kesi ya kufika kiunoni au ya kubeba mkononi. Basi Mini-ITX ukiiweka ndani ya kesi kubwa ya ATX, soketi zake zitakaa sawasawa na dirisha, kadi yake itakaa sawasawa na nafasi ya kadi, na chini yake patabaki patupu. Hakuna kibaya hapo.

Ukitaka kuijua kesi bila hata kuifungua, hesabu vibati virefu vya nyuma, vile unavyovitoa ili kuweka kadi. Vikiwa 7, kesi hiyo imetengenezwa kwa ATX, na microATX na Mini-ITX zinaingia pia. Vikiwa 4, mwisho wake ni microATX. Vikiwa 1 au 2, ni ya Mini-ITX tu. Angalia na urefu wa vibati vyenyewe. Kibati cha kawaida kina kama sentimita 12. Kikiwa na sentimita 8 hivi, hiyo ni kesi nyembamba. Mazabodi ya microATX inaweza kuingia humo vizuri kabisa, lakini kadi ya grafiki ya kawaida haitasimama. Itakubidi utafute kadi fupi yenye kibati kifupi.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu haihitaji kukumbuka chochote. Kata vipande vitatu vya kadibodi ngumu: 305 kwa 244, 244 kwa 244, na 170 kwa 170. Ukienda Darajani au ukimtuma mtu, vipande hivyo viende naye. Afungue ubavu wa kesi, akiweke kipande kwenye kona ya juu ya nyuma, atazame kinagota wapi. Kesi nyingine ina vibati 7 nyuma, lakini kizimba cha hadidiski kimesogezwa ndani mpaka upana wa milimita 244 haupatikani. Kadibodi itakuonyesha hapo hapo.

Sasa tufike kwenye nguzo, na hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo mazabodi nyingi nzima zinapouawa.

Nguzo ni vile vichuma vidogo vyenye uzi, mara nyingi vya rangi ya dhahabu, vinavyofungwa kwenye bati la ndani la kesi ili mazabodi ikae juu yake. Zinaiinua kama milimita 6 kutoka kwenye bati. Nyuma ya mazabodi kumejaa ncha za lehemu zenye umeme, na bati la kesi ni chuma. Ncha zikigusa chuma, umeme unapita pasipo njia yake.

Isimamishe kesi, uitazame ubavuni, nyuma yake iwe mkono wako wa kushoto. Kwenye bati utaona matundu ya nguzo yamepangwa kwa safu za kulala. Kwa kesi kamili ya ATX safu hizo ni nne, na kila safu ina matundu matatu: moja karibu na nyuma, moja katikati, moja kuelekea mbele. ATX inatumia safu ya kwanza, ya pili na ya nne. microATX inatumia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mini-ITX inatumia nguzo 4 tu: mbili za kwanza kutoka nyuma katika safu ya kwanza, na mbili kama hizo katika safu ya pili. Ukiushika mpango huu umeshika mambo yote, kwa sababu sasa unaweza kujua hatari iko wapi na haiko wapi.

Tuchukue mfano. Maabara ya skuli ina kesi kubwa yenye vibati 7, na ndani yake kulikuwa na microATX iliyokufa. Mmepata ATX nzima mnataka kuiweka humo. Mnatoa ile ya zamani, nguzo zimebaki safu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Fundi mwenye haraka anaongeza nguzo za safu ya nne, kwa kuwa anaona mazabodi mpya ina matundu huko, kisha anailaza na kuifunga. Safu ya tatu ameisahau. Sasa nguzo za safu hiyo ziko chini ya tumbo la ATX, mahali pasipo na tundu, na zinagusa ncha za lehemu. Unabonyeza kitufe, feni inazunguka nusu mzunguko na kusimama, kwa kuwa pawa saplai imehisi shoti na kujikata. Hiyo ni bahati. Pengine kompyuta inawaka lakini baadhi ya soketi za USB hazifanyi kazi, au inajizima yenyewe kila ikitikiswa meza, na watu wakabadilisha pawa saplai na kumbukumbu bure.

Kinyume chake, mkitoa ATX na kuweka microATX, nguzo za safu ya nne zitabaki nje kabisa ya ukingo wa mazabodi. Hazigusi kitu. Lakini hapo kosa linakuwa la kusahau kuongeza safu ya tatu. Sehemu ya chini ya mazabodi inabaki inaning'inia, na siku unayosukuma kadi ya grafiki kwa nguvu inapinda. Nyuzi za shaba ndani ya ubao hukatika kwa kupinda, na ufa huo huuoni kwa macho.

Kwa hiyo kazi iwe hivi. Toa nguzo zote kwanza. Ilaze mazabodi juu ya karatasi, chora kila tundu kwa penseli, toboa, kisha iweke karatasi hiyo kwenye bati la kesi na ufunge nguzo pale tu penye tundu. Hesabu matundu, hesabu nguzo, idadi iwe moja. Hapo ndipo uweke bati la soketi kwenye dirisha la nyuma, halafu mazabodi. Skrubu zote ziingie kwa vidole mpaka zikamate, ndipo bisibisi ifuate. Nguzo nyingi zina uzi mpana na nyingine zina uzi mwembamba wa M3. Skrubu ikikaza baada ya nusu mzunguko tu, itoe, siyo yake.

Kwetu pwani kuna na kutu. Katika kesi ya zamani nguzo hushikana na skrubu, ukifungua skrubu nguzo nzima inang'oka nayo na kubaki imening'inia nyuma ya mazabodi. Unaihamisha kwenye kesi nyingine bila kugeuza, na shoti iko pale pale. Geuza mazabodi kila mara, itazame mgongo. Nguzo ikiwa imeng'ang'ania, ishike kwa koleo huku ukifungua skrubu.

Ndugu mmoja ameuliza atajuaje kama shoti inatokana na nguzo au mazabodi imekufa kweli. Itoe nje ya kesi, iweke juu ya boksi la kadibodi kavu. Acha prosesa na feni yake, kumbukumbu moja, na pawa saplai. Ikiwa prosesa haina grafiki yake, acha na kadi. Gusisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili zilizoandikwa `PWR_SW` kwa sekunde moja. Ikiwaka juu ya boksi na kugoma ndani ya kesi, usiilaumu mazabodi, rudi kwenye nguzo.

Mwingine ameuliza juu ya mazabodi za bei nafuu zinazouzwa kama microATX lakini ni nyembamba. Hizo zipo nyingi, na nyingine zina upana wa milimita 200 au pungufu badala ya 244. Zinaingia kesi yoyote ya microATX, ila hazifikii nguzo za upande wa mbele. Ukingo ule, penye plagi kubwa ya umeme ya pini 24, hauna kitu chini yake. Unapoichomeka au kuichomoa plagi hiyo, tia vidole viwili chini ya ukingo uushikilie. Usiibandikie nguzo ya chuma ya kubuni.

Pawa saplai nayo ina saizi zake. Ile ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Kesi nyingi ndogo za Mini-ITX zinataka ile inayoitwa SFX, yenye 125 kwa 63.5. Ulizia hilo kabla ya kulipia kesi, maana ndogo unaweza kuifunga kwenye kesi kubwa kwa bati la kuunganishia, lakini kubwa kwenye nafasi ndogo haiwezekani.

Mwisho ni kompyuta zilizotumika za maofisini. Nyingi mazabodi zake hazifuati vipimo hivi hata kama kwa macho zinafanana na microATX. Tazama dirisha la soketi: ikiwa matundu yametobolewa moja kwa moja kwenye bati la kesi, hakuna bati la soketi la kuchomoa, na plagi ya umeme siyo ya pini 24, basi kesi ile na mazabodi ile ni za kukaa pamoja. Mazabodi ikifa, tafuta ya modeli ile ile. Kesi yake usiinunulie mazabodi ya dukani.