Klipu ya sendofu ya dakika moja kwa InShot, na kosa la kufuta video mapema

Habari zenu ndugu zangu. Leo nakata sendofu ya mdogo wangu. Nina vipande 14, jumla dakika 22, na nataka dakika moja tu ya kuweka kwenye status. Natumia InShot ya bure, simu ya kawaida.

Fungua, gusa Video, halafu New, chagua vipande vyako kwa mpangilio wa tukio. Kwenye Canvas weka 9:16, simu ikae wima. Hayo mnayajua, twende.

Kabla sijaendelea: usifute video kwenye galari! Apu haibebi video ndani yake, inazisoma pale pale zilipo. Mwaka jana nilimaliza kukata arobaini ya mtoto, simu ikasema imejaa, nikafuta zile ndefu. Kurudi kwenye kazi yangu, vipande vimepotea, na sauti ya bibi akimwombea mjukuu ilikuwa humo. Sikuipata tena.

Sasa tukate. Huyu hapa mama anamkabidhi binti yake. Sogeza mpaka ule mstari wa katikati ufike anapovuta pumzi, kabla hajatamka neno, gusa Split. Ukikata kwenye neno, mtazamaji anasikia "...nangu nakuaga". Mwisho wake acha mpaka wakumbatiane... Samahani, mwanga umenipotea, nasogea dirishani. Haya, mnaona? Kumbatio lile nalipa sekunde 9 nzima. Ndafu ikiingia na wapishi wakicheza, sekunde 4 zinatosha. Foleni ya zawadi naitoa yote, hata kama shangazi zangu watauliza.

Muziki unakuja mwisho, ukishamaliza kukata. Ukiuweka mapema, kila kipande unachopunguza mwanzoni kinasogeza picha zinazofuata, muziki unabaki ulipokuwa, na kigelegele hakikutani tena na ngoma. Pale mama anapoongea, kata muziki kwa Split upande huu na upande huu, kisha kipande cha katikati tu ushushe sauti hadi 15 hivi. Mimi siuzimi kabisa, maana ukirudi ghafla unashtua.

Lile neno InShot pembeni, gusa alama ya X, chagua kuliondoa bure, utazame tangazo. Bando liwe limewashwa.

Gusa Save, chagua 720p. WhatsApp itaibana video hata hivyo, na simu yenye nafasi ndogo itamaliza haraka. Usitoke kwenye apu mpaka ifike asilimia 100.

Bado usifute! Fungua galari, icheze yote mpaka mwisho, sikiliza sauti ya mama ipo. Ya ndugu wa mbali watumie kama dokumenti, ndiyo haibanwi. Ikishawafikia, hapo futa ndefu za foleni ya zawadi. Ya mama akiongea, mimi naihamishia kwenye memori kadi.