Mti Uliokatwa kwenye Fotokopi

Karibuni, wapendwa. Wiki iliyopita binti mmoja wa Kadutu alinipigia simu usiku. Fotokopi ya swali lake la hesabu ya uwezekano ilikuwa imekatika chini: maneno yapo, mchoro wa mti haupo. Mwenzake mwenye karatasi nzima alimsomea namba tu: 0,6, 0,3 na 0,1. Swali lenyewe: mwanafunzi amechelewa darasani, je, kuna uwezekano gani kwamba asubuhi hiyo mvua ilinyesha?

Namba anazo, ila hajui zimekaa wapi. Ngoja nichore hapa ubaoni.

Shinani yanatoka matawi mawili: Mvua, 0,6, na Jua, ambalo lazima liwe 0,4. Kila moja linazaa mawili, Kuchelewa na Kuwahi. Sasa ile 0,3 ya Kuchelewa upande wa Mvua, kama ile 0,1 ya upande wa Jua, imeandikwa juu ya mstari, au mwisho wake, nchani?

Ikiwa juu ya mstari, maana yake ni hii: tukihesabu asubuhi za mvua peke yake, anachelewa mara 3 kati ya 10. Basi tunafuata njia tukizidisha: 0,6 × 0,3 = 0,18. Upande wa Jua, 0,4 × 0,1 = 0,04. Kuchelewa kote ni 0,22, na fungu la mvua humo ni 0,18 ÷ 0,22, karibu 0,82.

Ikiwa nchani, kuzidisha kumekwisha kufanywa na aliyechora. Tunajumlisha tu, 0,3 + 0,1 = 0,4, na jibu ni 0,3 ÷ 0,4, yaani 0,75. Yote mawili yanaonekana majibu ya heshima, ndiyo maana mtu hashtuki akikosea.

Nilimwambia: muulize mwenzako, kwa Mvua, penye Kuwahi pameandikwa nini? Matawi yanayotoka mahali pamoja hujumlika kuwa 1, kwa hiyo 0,7 itaonyesha tuko juu ya mistari. Ncha za Mvua zikijumlishwa hurudi 0,6, kwa hiyo tungesikia 0,3 nyingine. Lakini asome, asikokotoe! Kama pako patupu aseme patupu, maana akijaza kwa kichwa chake anatupa dhana yake badala ya mchoro.

Jibu lilirudi: 0,7. Basi ni 0,82.

Naam, mama wa pale nyuma? Miduara ya Veni? Ugonjwa ni uleule. Tuseme wauzaji ni 30: wa samaki sambaza 20, wa unga 15, na katikati, wanaouza vyote viwili, 5. Kama 20 na 15 ni miduara mizima, 20 + 15 − 5 = 30, na nje ya miduara hakuna mtu. Kama ni vile vipande vya pembeni tu, 20 + 15 + 5 = 40, na watu 40 hawaingii katika 30. Hapo jumla yenyewe imekuamulia. Ila kama hujasomewa jumla, piga simu tena uulize: hiyo 20, ndani yake wale 5 wamo au hawamo?