Dakika 437 ni saa ngapi na dakika ngapi?

Chukua karatasi na kalamu. Kikokotoo kiweke pembeni kwanza, tutakifikia, maana ndicho kinachowatega wengi.

Andika 437 juu ya karatasi. Hizo ni dakika za muda uliopita, wala hatuulizi saa ya ukutani. Tunataka kujua humo ndani mna saa nzima ngapi, na dakika ngapi zinabaki.

Saa moja ina dakika 60. Basi hesabu kwa sitini-sitini, taratibu: 60, 120, 180, 240, 300, 360, 420, 480. Simama. 480 imeshaipita 437, kwa hiyo rudi nyuma hatua moja hadi 420. Mpaka hapo umehesabu sitini ngapi? Saba. Andika saa 7. Anayekumbuka jedwali la 6 atafika haraka zaidi: 6 mara 7 ni 42, ongeza sifuri, 420.

Sasa toa: 437 − 420 = 17. Hizo 17 hazifiki saa moja, ziache zilivyo. Jibu ni saa 7 na dakika 17.

Tazama hiyo 17 mara ya pili. Dakika zinazobaki lazima ziwe chini ya 60. Ungeishia kwenye 360, ungepata saa 6 na dakika 77. Umeona? Ndani ya 77 kuna saa nzima uliyoisahau.

Haya, lete kikokotoo. Bonyeza 437 ÷ 60. Kinaonyesha 7.2833333, na hapa ndipo mtu anaandika "saa 7 na dakika 28". Mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo, tena kwa kujiamini kabisa! Ile 7 ni sahihi. Lakini 28 iliyo baada ya nukta si dakika. Kikokotoo kimeigawa saa katika sehemu mia, ilhali saa ina dakika sitini. Ndiyo maana 7.5 ni saa 7 na nusu, yaani dakika 30, wala si dakika 5 wala 50.

Ukitaka kuzipata dakika humo humo kwenye kikokotoo, usifute jibu. Toa 7, ibaki 0.2833333, kisha zidisha kwa 60. Itatokea 17, au 16.999998 kwa sababu tarakimu zilikatwa; isome 17. Binafsi napenda kuchukua ile 7 tu, nizidishe kwa 60, nitoe kwenye 437. Nukta hainisumbui tena.

Kuhakiki, rudi ulikotoka: 7 × 60 = 420, jumlisha 17, unapata 437. Ile "saa 7 na dakika 28" ingekupa 448, dakika 11 zisizojulikana zimetoka wapi.

Simamisha video ujaribu dakika 200. Kikokotoo kitasema 3.3333333. Ukiwa umeandika saa 3 na dakika 33, rudisha nyuma hadi kwenye nukta. Ukiwa na saa 3 na dakika 20, umeipata.