Imeili ya zamani haionekani ukiitafuta kwenye simu? Ipo, fanya hivi

Karibuni tena, nipo hapa Mtwara mjini. Leo ninayo simu ya dada mmoja, mwandishi wa chama cha msingi kule Newala. Anatafuta barua ya ghala ya msimu wa korosho wa 2023. Ameandika "korosho" kwenye Gmail, zimekuja imeili nne, basi. Anaamini nyingine zimefutika. Hazijafutika, na nitawaonyesha nimejuaje.

Tazama kioo changu. Zimekuja nne, lakini msisome majina ya waliotuma, someni tarehe. Ya mwisho chini kabisa ina wiki tatu na kitu. Hakuna hata moja inayovuka mwezi. Imeili zilizofutwa ovyo haziachi mpaka ulionyooka namna hiyo. Mpaka kama huo unatokana na simu yenyewe: Gmail ya Android, usipoigusa, hushusha kwenye simu imeili za siku 30 tu. Za nyuma zaidi zimebaki kwenye seva za Google. Mtandao ukikosekana, programu hutafuta kwenye kile ilichoshusha, kisha inakuletea jibu kana kwamba limekamilika. Ndiyo inavyotuponza.

Sasa nawasha data. Dada alikuwa na bando, ila Gmail ilikuwa imezuiwa kutumia data nyuma ya pazia, na huko kwao kuna sehemu mtandao unashuka mpaka unakata. Kwa hiyo kwanza nafungua ukurasa wowote wa intaneti kuhakikisha data inatembea kweli. Ukurasa umefunguka, sawa.

Narudi Gmail. Pale juu kulia kwenye kisanduku cha kutafutia kuna picha ya duara. Naigusa nihakikishe niko kwenye akaunti ya chama, si ile yake binafsi. Halafu naandika, na hapa ndipo wengi wanakosea: ukiandika, chini yake hujitokeza orodha ya mapendekezo. Usiishie hapo. Bonyeza kile kitufe cha lenzi kwenye kibodi, ndipo ombi linakwenda mpaka kwenye seva. Subiri kiduara kimalize kuzunguka.

Zimekuja nyingi mno sasa, za miaka yote. Tuzibane kwa tarehe. Andika hivi hivi, bila nafasi baada ya nukta mbili:

```
korosho after:2023/10/01 before:2024/01/01
```

Mwaka unatangulia, kisha mwezi, kisha siku. Nimeweka Januari mosi mwishoni kwa makusudi, maana ile before huishia kabla ya siku uliyoitaja. Ukiandika Desemba 31, barua ya siku hiyo utaikosa.

Bado barua haipo? Gmail haipekui taka wala spamu mpaka uiambie. Ongeza maneno haya:

```
korosho in:anywhere
```

Ila mjue, kilichokaa kwenye taka siku 30 huondoka moja kwa moja. Hapo hata mimi sina dawa.

Ya dada haikuwa kwenye taka. Tumeipata kwa kutafuta "ghala", kwa sababu aliyeiandika hakutaja korosho hata mara moja! Na haikuwa kwenye kikasha cha kawaida: aliitelezesha kwa kidole siku moja, ikaenda kwenye kumbukumbu. Kutafuta huko kunafika, kuangalia kikasha peke yake hakufiki.

Kwa wanaoishi penye mtandao wa kubahatisha, badilisheni zile siku 30. Gusa mistari mitatu juu kushoto, shuka mpaka Settings, chagua akaunti, tafuta mstari wa Days of mail to sync. Kwenye simu nyingine wameandika emails. Huyu nimemwekea 120. Ukiweka siku nyingi sana, simu yenye nafasi ndogo itajaa na bando litaliwa siku ya kwanza, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa kwenye waifai.

Kama unatumia programu nyingine ya imeili, baada ya kutafuta angalia mwisho wa matokeo au kwenye menyu kama kuna chaguo la kuendelea kutafuta kwenye seva. Akaunti iliyounganishwa kwa POP haina chaguo hilo: inajua kile ilichoshusha tu, kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya imeili yako kwa kivinjari.

Kuna jambo moja limebaki. Kushusha imeili si kushusha kiambatisho chake. Dada anapanda gari la Newala saa nane, kwa hiyo naifungua barua, nagusa alama ya kupakua, nazima data, naifungua tena. Imefunguka bila mtandao. Shika simu yako, dada.