Sabuni kwa jeraha la mbwa, chupa kavu kwa nyoka: video ya manesi wa zahanati

Haya karibuni tena manesi wenzangu wa zahanati. Leo tuna wagonjwa wawili, mmoja kang'atwa na mbwa mwingine na nyoka, na shida yetu ni kwamba mikono imezoea kuwafanyia kitu kimoja wote wawili. Tuanze.

Wa kwanza ni mtoto wa miaka 7, mbwa wa njiani kamng'ata shavu la mguu, meno yameingia, damu imetoka, na nyumbani washampaka mafuta ya taa na pilipili. Usiandike kadi kwanza! Vaa glavu, mpeleke kwenye ndoo ya koki, washa saa ya simu dakika 15, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dakika 15 ni ndefu jamani, ukikadiria kwa kichwa utaishia ya tatu, ndo maana nasema saa. Tundu la jino likiwa la ndani vuta maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uyapitishe mle taratibu. Sabuni inavunja ganda la mafuta la kirusi cha kichaa cha mbwa, kwa hiyo hapa unapunguza ugonjwa wenyewe, hata kabla ya chanjo. Ukishamaliza paka ayodini. Usishone, acha wazi.

Meno yakipenya ngozi hilo ni kundi la tatu la hatari ya kichaa cha mbwa, anahitaji chanjo pamoja na imunoglobulini, ile inayochomwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Zahanati nyingi hazina, basi anza chanjo leo halafu toa rufaa, maana imunoglobulini bado inaweza kutolewa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Kwa ratiba ya ndani ya ngozi unachoma 0.1 ml kila mkono, siku ya 0, 3 na 7. Huyu kaja Jumatatu, kwa hiyo Alhamisi, halafu Jumatatu inayofuata, mwambie mama yake kwa majina ya siku hivyo hivyo, "siku ya 3" anaihesabu anavyojua yeye. Ukichoma sawasawa ngozi inavimba kidogo kama ganda la chungwa, isipovimba imeingia chini, rudia pembeni. Kama kituo chenu kinachoma kwenye msuli basi fuateni ratiba yenu, ila siyo kwenye makalio. Na aliyechelewa wiki tatu usimfukuze, kirusi mara nyingi kinachukua miezi kufika kwenye ubongo, mwoshe na uanze leo.

Sasa wa pili, baba katoka shamba la mpunga, kang'atwa kifundo cha mguu, nyoka hakumwona, na kamba ya katani imekaza juu ya goti. Hapa sabuni weka chini. Hatusugui, hatuchanji, hatunyonyi, na lile jiwe jeusi aliloleta shemeji yake liache mfukoni. Mlaze, vua viatu na pete, funga mguu kwenye ubao usitikisike, chora kwa kalamu uvimbe ulipofikia na andika saa pembeni. Kamba usiikate ghafla: weka dripu, ambu na adrenalini ziwe karibu, ndo ulegeze polepole ukiangalia kope na pumzi. Kope zikiwa zishaanza kuanguka, pigia hospitali kabla ya kugusa kamba.

Halafu kipimo cha dakika 20, hiki ndo nakipenda maana hakihitaji maabara. Chota damu ya mshipa 2 ml, weka kwenye chupa ndogo ya kioo, mpya, safi na kavu, iache mezani bila kuitikisa, dakika 20 zikifika iinamishe mara moja tu. Damu ikimwagika kama maji haigandi, sumu imeshafika kwenye damu, anahitaji dawa ya kuzuia sumu ya nyoka haraka. Nilishawahi kuona mtu anapimwa kwa chupa iliyooshwa na sabuni ya unga, damu haikuganda, wote tukahangaika, kumbe chupa. Sabuni inazuia damu kugusa kioo inavyotakiwa. Plastiki nayo inadanganya. Ukiwa na wasiwasi chukua damu ya nesi mwenzio mzima, weka chupa ya aina ile ile, yake isipoganda lawama ni ya chupa.

Ya huyu baba imemwagika. Basi hakuna sindano ya msuli, hakuna diklofenaki wala aspirini, maumivu mpe parasetamo. Rufaa andika saa aliyong'atwa, saa ya kipimo na jibu, saa kamba ilipolegezwa, na uvimbe uko wapi. Gari likichelewa rudia kuangalia kope, pumzi na fizi kila dakika 15, na kope zikishuka mlaze upande wa kushoto, ambu iwe mkononi mwako siyo kabatini.