Mkojo Unapomtoka Mzee: Anza na Daftari, Pedi Baadaye

Karibu. Kama umepewa kazi ya darasani kuhusu huduma ya mzee anayetokwa na mkojo, usikimbilie kuandika mpango. Leo nakuonyesha namna ya kutafuta chanzo kwanza, na tutamfuata bibi mmoja wa miaka 79 mwanzo hadi mwisho. Jalada lake lilisema tu: "Hawezi kuzuia mkojo, anavaa pedi." Hiyo ni dalili. Sababu haikuandikwa popote.

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Funga mlango, ndugu watoke nje kwa muda, keti ili macho yenu yawe usawa mmoja. Bibi huyu niliongea naye hivi: "Shikamoo, bibi. Watu wengi wa umri wako hunieleza kwamba mkojo unawatoka kabla hawajafika chooni. Wewe je?" Akanyamaza, akatazama dirishani, kisha akasema, "Usiku, mwanangu. Mchana najiweza." Sentensi hiyo fupi ilikuwa na uzito kuliko jalada zima. Neno "kujikojolea" sikulitumia, wala "nepi", na wewe usiyatumie hata kwenye karatasi utakayompa mwalimu.

Sikiliza mkojo unatoka vipi. Ukitoka anapokohoa au kunyanyua kitu, fikiria misuli ya nyonga iliyolegea. Akibanwa ghafla na kushindwa kufika, fikiria kibofu kinachojikaza kabla ya wakati. Akifika amechelewa kwa sababu ya magoti, giza au vifungo vya nguo, kibofu chenyewe huenda ni kizima. Na ukidondoka kidogo kidogo kutwa nzima, shuku kibofu kilichojaa kikafurika.

Hapo kwenye kufurika nitasimama kidogo, maana niliwahi kukosea. Nikiwa bado mgeni kazini, nilimvalisha pedi babu mmoja aliyekuwa akidondokwa na mkojo, nikaridhika. Kesho yake mwenzangu akamgusa chini ya kitovu, akakuta pagumu kama mpira. Kibofu kilikuwa na zaidi ya mililita 700, tezi dume imeziba njia. Tangu siku hiyo simpangii mtu pedi kabla ya kujua kibofu kinabakiza kiasi gani. Mzee akojoe, kisha ndani ya dakika chache apimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kikibaki kiasi kinachozidi mililita 200, mpeleke kwa daktari kwanza. Bibi yetu alibakiza 60, kwa hiyo kufurika tukakuondoa.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha video hii: daftari la kibofu la siku tatu. Tazama hapa mezani. Nina kikombe cha kupimia, mizani ndogo, na karatasi yenye safu nne: saa, alichokunywa, alichokojoa, na kama alilowa. Pedi kavu ya usiku ninaipima hivi, gramu 90. Hii iliyolowa ni gramu 350. Toa 90, zinabaki 260, na kwa kuwa gramu moja ya mkojo ni karibu mililita moja, bibi alitokwa na mililita 260 hivi. Usiandike "amelowa sana". Andika 260.

Huu hapa usiku wake mmoja. Alilala saa 3. Saa 6 akaamka, akakojoa 300. Saa 8 na nusu pedi ikalowa, 260. Alipoamka saa 12 asubuhi, 240. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unahesabiwa pamoja na wa usiku, kwa sababu umetengenezwa akiwa amelala. Jumla 800. Mchana wote, mpaka anapanda kitandani, alikojoa mara tano, jumla 800 vilevile. Yaani nusu ya mkojo wa saa 24 unatoka usiku, wakati kwa mzee tungetarajia usizidi theluthi moja. Kumbe kibofu chake kinahifadhi vizuri tu. Kinaletewa mkojo mwingi kwa saa mbaya.

Sasa uliza: maji hayo yanatoka wapi? Hatua ya tatu, mtazame mwili na dawa zake. Jioni nilibonyeza kifundo cha mguu wake kwa kidole, shimo likabaki. Miezi minne nyuma alianzishiwa amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu, na dawa hiyo huweza kuvimbisha miguu. Mchana maji yanakaa miguuni. Akilala yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, kibofu kinajaa. Ndugu zake waliona alianza kulowa mwezi mmoja baada ya dawa, ila hakuna aliyeunganisha. Lakini miguu ikivimba usidhani ni dawa peke yake. Daktari aangalie moyo na figo pia.

Nikakuta jambo la pili: hajapata choo siku nne. Kinyesi kigumu kinaukandamiza mfuko wa mkojo na kuufanya ujikaze. Alikuwa amejipunguzia maji ya kunywa ili asilowe, na hilo likamzidishia choo kigumu.

Kijiti cha kupima mkojo hakikuonyesha sukari, ila kilionyesha chembe nyeupe za damu. Wanafunzi wengi hapa huandika "maambukizi" na kuomba antibayotiki. Hana homa, mkojo haumchomi, akili yake iko vilevile. Wazee wengi huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuugua, na kuwatibu hakuwasaidii. Lakini ukiona damu, homa, kuchanganyikiwa kwa ghafla, au miguu kulegea na ganzi sehemu za siri, acha daftari, mwite daktari saa hiyohiyo.

Hatua ya nne, mpango. Mwanafunzi habadilishi dawa. Anampelekea daktari daftari na maelezo ya uvimbe. Kwa bibi, daktari alimpima, akabadilisha dawa. Sisi tukatibu choo, tukarudisha maji ya kunywa, mengi yakiwa kabla ya jioni, na alasiri akapumzika akiwa ameinua miguu kwa saa moja hadi mbili, ili maji yatoke miguuni kabla ya kulala.

Kisha safari ya chooni. Nilimpima kwa saa: dakika moja na sekunde 40 gizani. Tukaweka taa ndogo na kiti chenye choo kando ya kitanda. Pedi ikabaki ya usiku tu, ya kuvaa kama chupi, apandishe mwenyewe. Akilowa, ngozi inasafishwa kwa maji na sabuni laini kutoka mbele kwenda nyuma, inakaushwa kwa kugusagusa bila kusugua, kisha krimu ya kinga kidogo sana, kwani ikizidi inaziba pedi isinyonye. Mpira wa mkojo usiuandike kama njia ya kumweka mzee mkavu. Unaleta maambukizi.

Lengo liandike kwa namba: kutoka usiku 7 wa kulowa kwa wiki hadi 3 au pungufu, ndani ya wiki nne, kisha daftari lirudiwe siku tatu. Lake liliporudiwa, alikuwa analowa usiku 2 kwa wiki.

Na kwenye sehemu ya matakwa ya mgonjwa, andika maneno yake mwenyewe. Bibi aliomba kitu kimoja: asubuhi kile kiti kisafishwe na kufunikwa kwa kitambaa kabla wajukuu hawajaingia chumbani. Tukakiandika kwenye mpango, saa 12 na nusu asubuhi, pamoja na jina la anayehusika.